Kulinganisha njia mbili za kupima floraidi: jaribio la F na jaribio la t la jozi yanapotoa majibu yasiyoeleweka

Maabara inayopima maji ya mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, au ya Bonde la Ufa upande wa Kenya, ambako floraidi hutoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye chemchemi na visima, mara nyingi huwa na njia mbili za kuipima. Ya kwanza ni elektrodi ya floraidi inayosoma milivolti baada ya sampuli kuchanganywa na bufa ya TISAB. Ya pili ni ya rangi, inayotumia kitendanishi cha SPADNS pamoja na zirkoni: floraidi huinyang'anya rangi zirkoni yake, rangi nyekundu hufifia, na fotometa hupima kiasi ilichofifia. Siku njia moja inapotakiwa kuchukua nafasi ya nyingine, au zote mbili kutumika katika ripoti ileile, huulizwa kama zinakubaliana, na hapo jaribio la uwiano wa variansi, yaani jaribio la F, na jaribio la t la jozi huanza kutumika, pengine kwa namna inayozaa majibu ya ajabu.

Mwongozo huu unaanzia kwenye majibu hayo ya ajabu na kurudi nyuma hadi kwenye vyanzo vyake. Takwimu zilizomo nimezitunga ili ziwe rahisi kukokotoa kwa mkono, lakini ukubwa wa makosa yaliyomo ni wa kawaida kwa njia hizi mbili.

Maswali mawili ambayo hayapaswi kuchanganywa

Sehemu kubwa ya matatizo yatakayoelezwa hapa huanza pale mtu anapodhani kwamba majaribio haya mawili ni hatua mbili za swali moja. Jaribio la F huuliza kama njia mbili zinatawanya majibu kwa kiasi kilekile pale kitu kilekile kinapopimwa tena na tena. Jaribio la t la jozi huuliza kama, kwa wastani, njia moja inasoma juu au chini ya nyingine sampuli zilezile zinapopimwa kwa zote mbili. La kwanza linahitaji sampuli moja na marudio mengi, na la pili linahitaji sampuli nyingi tofauti, kila moja ikiwa na jibu moja kutoka kila njia. Ni seti mbili za data, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kutumika kwa kazi zote mbili.

Kwa seti ya kwanza tuchukue sampuli moja ya maji iliyo karibu na 1.5 mg/L, ambayo ndiyo thamani elekezi ya Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, tuipime mara saba kwa kila njia:

```
Elektrodi: 1.51 1.53 1.50 1.52 1.54 1.51 1.53
SPADNS:    1.44 1.50 1.46 1.51 1.42 1.47 1.49
```

Wastani wa elektrodi ni 1.52 na variansi yake ni 0.00020. Wastani wa SPADNS ni 1.47 na variansi yake ni 0.00107. Variansi, kwa asiyeikumbuka, ni mraba wa mkengeuko sanifu, kwa hiyo mikengeuko yenyewe ni 0.014 na 0.033.

Kwa seti ya pili tuchukue sampuli nane zenye viwango tofauti. Kila moja imepimwa mara moja kwa kila njia, na kwa SPADNS zote zimechanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotolewa ioni ili zisipite uwezo wa kipimo. Safu ya mwisho ni elektrodi kutoa SPADNS:

```
Na.  Elektrodi  SPADNS   d
1    0.48       0.44     0.04
2    0.75       0.66     0.09
3    1.02       0.97     0.05
4    1.31       1.20     0.11
5    1.52       1.47     0.05
6    1.84       1.70     0.14
7    2.10       2.04     0.06
8    2.46       2.36     0.10
```

Dalili: F inakaribia 1 kabisa, ilhali kila mtu maabara anajua njia moja inayumba zaidi

Chanzo, karibu kila mara, ni kwamba jaribio la F limefanywa juu ya safu mbili za jedwali la sampuli nane badala ya kufanywa juu ya marudio. Safu ya elektrodi ina variansi ya 0.462 na safu ya SPADNS ina 0.443, na ukizigawanya unapata F ya 1.04. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu uthabiti wa njia. Inasema tu kwamba maji ya chemchemi moja yana floraidi nyingi kuliko ya nyingine, na kwamba njia zote mbili zimeiona tofauti hiyo. Variansi ya 0.46 ni zaidi ya mara elfu mbili ya variansi halisi ya elektrodi, kwa hiyo kuyumba kwa njia kumezama ndani ya tofauti za sampuli na hakuwezi kuonekana.

Dawa yake ni kurudi kwenye marudio ya sampuli moja. Kwa takwimu zetu, F ni 0.0010667 kugawanywa kwa 0.00020, yaani 5.33, variansi kubwa ikiwekwa juu. Hilo ni jibu la aina nyingine kabisa, na ndilo linaloendana na alichokuwa akikiona fundi wa maabara kwa macho yake.

Dalili: F ileile inakubalika kwenye jedwali moja na kukataliwa kwenye jingine

F yetu ya 5.33, yenye digrii sita za uhuru kila upande, yaani marudio saba kutoa moja, ni mfano mzuri wa utata huu. Katika jedwali la mkia mmoja la asilimia 5, thamani ya kikomo ni 4.28, na hivyo tungesema SPADNS inayumba zaidi. Katika jedwali la mikia miwili kikomo ni 5.82, na hivyo tungesema hakuna ushahidi wa kutosha. Majedwali yote mawili ni sahihi, ila yanajibu maswali tofauti.

Ikiwa kabla ya kupima ulikuwa huna sababu ya kutarajia njia fulani iwe thabiti zaidi, unatumia mikia miwili, kwa sababu kuiweka variansi kubwa juu ni uamuzi uliofanya baada ya kuziona data. Mkia mmoja unafaa pale swali lilipowekwa mapema, kwa mfano pale elektrodi ilipopendekezwa kwa hoja kwamba itapunguza kuyumba. Anayechagua jedwali baada ya kuona 5.33 amechagua jibu, hajapima kitu.

Wanaotumia Excel hukutana na utata huu bila kujua. Fomyula ya kwanza hapa chini hutoa uwezekano wa mikia miwili, na kwa data zetu utakuwa karibu 0.06. Zana ya uchambuzi iliyo kwenye programu hiyohiyo, inayoitwa `F-Test Two-Sample for Variances`, hutoa wa mkia mmoja, ambao hapa ni karibu 0.03. Watu wawili waliokaa meza moja wanaweza kugombana mchana kutwa kwa sababu mmoja katumia fomyula na mwenzake katumia zana.

```
=F.TEST(B2:B8,C2:C8)
=T.TEST(E2:E9,F2:F9,2,1)
```

Dalili: F ni kubwa kupita kiasi, 50 au 100, au haikokotoleki kwa sababu variansi moja ni sifuri

Usifurahie uthabiti wa njia iliyotoa variansi ndogo hivyo kabla hujauliza marudio yalifanywaje. Kwa elektrodi, mara nyingi utakuta bika moja lilijazwa sampuli na TISAB, elektrodi ikazamishwa, na namba ikaandikwa mara saba kila baada ya nusu dakika. Hayo ni masomo saba ya kipimo kimoja. Hayana ndani yake kosa la pipeti, wala tofauti ya uwiano wa bufa na sampuli, wala kuoshwa na kuzamishwa upya kwa elektrodi. Upande wa SPADNS, pengine kila rudio lilianzia kwenye chupa, likanyonywa kwa pipeti, likapunguzwa, likatiwa kitendanishi kwa kipimo chake, na kosa la kila hatua likaingia. SPADNS ni kali sana kwa jambo hili, maana kitendanishi chenyewe kina rangi nzito na kosa dogo la ujazo wake hubadilisha jibu moja kwa moja. Ukilinganisha variansi hizo mbili umelinganisha kazi nzima na sehemu ya kazi.

Rudio halali ni lile linaloanza mwanzo wa utaratibu kwa kila kipimo. Variansi ya sifuri huwa na chanzo kingine chepesi: kifaa kinaonyesha namba mbili tu baada ya nukta, nazo ni chache mno kuonyesha mtawanyiko uliopo. Andika milivolti au ufyonzaji wa mwanga kama ulivyosomwa, kisha ukokotoe mkusanyiko mwenyewe.

Kuna pia hali ya kinyume, ambapo namba moja iliyojitenga huugeuza uamuzi wote. Tuseme kiputo cha hewa kilinasa chini ya elektrodi katika rudio la tano, na badala ya 1.54 ikasomwa 1.62. Variansi ya elektrodi inaruka kutoka 0.00020 hadi 0.00165, na sasa elektrodi ndiyo inayoonekana kuyumba zaidi, F ikiwa 1.54 kwa kuigeuza sehemu juu chini. Jaribio la F ni jepesi kudanganywa na thamani moja ya namna hiyo, kuliko jaribio la t lilivyo. Namba hiyo isifutwe kwa sababu tu inaudhi. Itafutiwe sababu kwenye daftari la kazi, na isipopatikana, kipimo kirudiwe.

Dalili: jaribio la t linasema hakuna tofauti, ilhali njia moja iko chini katika kila sampuli

Tazama tena sampuli nane. Safu ya d haina hata namba moja hasi, yaani SPADNS imesoma chini mara nane kati ya nane. Lakini mtu akizichukua safu mbili na kuzifanyia jaribio la t la kawaida, lile la makundi mawili yasiyohusiana, anapata tofauti ya wastani ya 0.08 ikigawanywa kwa kosa sanifu la 0.336, na t ni 0.24 tu. Kikomo kwa digrii 14 za uhuru ni 2.145. Ripoti inaandikwa kwamba njia hizi zinakubaliana.

Chanzo ni kilekile kilichoharibu F ya kwanza: tofauti kati ya chemchemi na chemchemi imeingizwa kwenye kosa, na kosa hilo limeimeza tofauti ndogo ya njia. Kuoanisha huondoa tatizo hili kwa sababu kila sampuli inalinganishwa na yenyewe. Unazifanyia kazi namba za safu ya d peke yake, s_d ikiwa mkengeuko sanifu wake:

```
wastani wa d = 0.64 / 8 = 0.080
s_d          = 0.0355
t            = 0.080 / (0.0355 / √8) = 6.4
```

Digrii za uhuru ni 7, kikomo ni 2.365, na 6.4 imekivuka kwa mbali. Kwenye Excel, kosa hili hukaa katika namba ya mwisho ya fomyula ya `T.TEST`: 1 ni jozi, 2 ni makundi mawili yenye variansi sawa, na 3 ni makundi yenye variansi tofauti. Aliyeandika 2 kwa data hizi anapata uwezekano wa karibu 0.8, na aliyeandika 1 anapata chini ya 0.001.

Hapa niondoe dhana moja inayopotosha wengi. Wapo wanaofanya jaribio la F kwanza, na wakikuta variansi hazilingani, wanaliacha jaribio la jozi kwa kuogopa kwamba masharti yake yamevunjwa. Sharti la variansi sawa ni la jaribio la makundi mawili, na ndiyo sababu ya kuwapo kwa namba 2 na 3. Jaribio la jozi hutazama safu moja tu, ile ya tofauti, na halijali kama elektrodi ni thabiti kuliko SPADNS. Linachotaka ni kwamba tofauti zenyewe zisambae kwa namna ya kawaida kuzunguka wastani wao, na kwamba zisitegemee ukubwa wa mkusanyiko.

Dalili: t ni ndogo, lakini tofauti za sampuli moja moja ni kubwa

Hii ndiyo hali ninayoiona kuwa ya hatari kuliko zote, kwa sababu jaribio la jozi lenyewe limefanywa kwa usahihi na bado limepotosha. Tuseme sampuli nane nyingine zimepimwa, nne zikiwa za bomba lenye klorini na nne za maji yaliyoondolewa floraidi kwa shabu na chokaa, kwa ile mbinu inayoitwa Nalgonda. Tofauti zikawa hivi:

```
bomba:  -0.09  -0.12  -0.07  -0.11
shabu:   0.10   0.13   0.08   0.09
```

Jumla ni 0.01, wastani ni kama 0.001, na t ni 0.03. Kwa jaribio la jozi, njia hizi zinakubaliana vizuri kuliko zile za kwanza! Kwa kweli hakuna sampuli hata moja ambayo zimekubaliana. Makosa mawili yanayoelekea pande tofauti yamefutana.

Njia ya kuligundua hili iko mkononi tayari, nayo inaunganisha seti zetu mbili za data. Ikiwa tofauti kati ya njia zinatokana na kuyumba kwa kawaida tu, kwa kipimo kimoja kila upande, basi mkengeuko wa safu ya d unapaswa kukaribia kipeuo cha pili cha jumla ya variansi mbili tulizozipata kwenye marudio:

```
√(0.00020 + 0.00107) = 0.036
```

Katika sampuli nane za kwanza s_d ilikuwa 0.0355, kwa hiyo hakuna cha ziada: kuna pengo la wastani la 0.08 linalohusu sampuli zote, na juu yake kuyumba kulekule tulikokuona kwenye marudio. Katika sampuli hizi za pili s_d ni 0.108, mara tatu ya kilichotarajiwa. Ziada hiyo haiwezi kuwa bahati mbaya ya pipeti. Kuna kitu ndani ya maji yenyewe kinachoivuruga njia moja, na kinatofautiana kutoka sampuli hadi sampuli. Wachache hufanya ulinganisho huu, ingawa unagharimu mstari mmoja wa hesabu, na kwa maoni yangu ungestahili kuandikwa kwenye ripoti pembeni ya t.

Baada ya hesabu kuonyesha kwamba kuna kitu, kemia ndiyo inayosema ni nini. Klorini iliyobaki kwenye maji ya bomba hufifisha rangi ya SPADNS kama floraidi inavyoififisha, na jibu linapanda. Ndiyo maana utaratibu unataka klorini iondolewe kwanza kwa kiasi kidogo cha sodiamu aseniti, kemikali yenye sumu ambayo mabaki yake hayamwagwi kwenye sinki. Shabu, kwa upande wake, huacha alumini ndani ya maji, nayo alumini huishika floraidi isiweze kuifikia zirkoni, jibu likashuka. Elektrodi huathirika kidogo tu, kwa kuwa TISAB ina kemikali inayoishika alumini na kuiachia floraidi, mradi alumini isizidi uwezo wake.

Alumini ina kipimo rahisi cha kuitambua. Soma SPADNS dakika moja baada ya kutia kitendanishi, kisha soma bika hilohilo baada ya dakika 15. Jibu likipanda kwa kiasi kinachoonekana, shuku alumini. Kusubiri saa mbili kabla ya kusoma huondoa athari ya alumini hadi kama 3 mg/L. Ikizidi hapo, sampuli inapaswa kukenekwa kwanza kwa asidi ili floraidi itengane na vinavyoisumbua.

Dalili: tofauti inakua kadiri mkusanyiko unavyokua

Chora tofauti dhidi ya wastani wa njia mbili kwa kila sampuli kabla ya kukokotoa t yoyote. Nukta zikitengeneza ukanda ulio sambamba na mstari wa chini, endelea. Zikifunguka kama pembe au zikipanda kuelekea kulia, wastani wa d haujibu swali la mtu yeyote, kwa kuwa pengo la 0.08 litakuwa limetokana na 0.01 kwenye maji mepesi na 0.20 kwenye maji mazito.

Upande wa elektrodi, chanzo cha kwanza cha kutazama ni mteremko. Mkusanyiko unapoongezeka mara kumi, milivolti zinapaswa kubadilika kwa 54 hadi 60 hivi kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Ukipata 48, elektrodi imechakaa au uso wa fuwele yake una uchafu, na kifaa kilichowekewa mteremko wa zamani kitakosea zaidi kadiri unavyotoka mbali na myeyusho sanifu uliotumiwa kukisawazisha. Upande wa SPADNS, tazama upunguzaji: kosa la pipeti la asilimia mbili halibadiliki kwa asilimia, lakini kwa mg/L linakua pamoja na sampuli. Tazama pia halijoto, maana sampuli na maji ya kulinganishia yasiyo na floraidi yanapaswa kuwa ndani ya nyuzi moja, na sampuli iliyotoka kwenye friji haiwi hivyo.

Ikiwa chanzo hakiondoleki, fanya jaribio la jozi juu ya tofauti za logi za majibu, au juu ya tofauti kwa asilimia, ili kosa la uwiano ligeuke kuwa pengo lisilobadilika. Viwango vya sampuli vikiachana sana, toka 0.3 hadi 15 mg/L, mstari wa regresheni unaeleza zaidi kuliko t, ila iwe ni aina inayokubali kwamba njia zote mbili zina kosa.

Dalili: t ni kubwa mno baada ya kuongeza marudio

Mtu anapima sampuli nane mara tatu kwa kila njia, anaziingiza kama jozi 24, na digrii za uhuru zinakuwa 23. Sampuli ni nane bado. Marudio matatu ya chemchemi moja yanabeba kosa lilelile la chemchemi hiyo, na kuyahesabu kama mashahidi watatu ni kuongeza ushahidi usiokuwapo. Chukua wastani wa marudio kwanza, upate jozi nane, na digrii saba. Kumbuka tu kwamba katika ulinganisho wa s_d ulioelezwa juu, kila variansi sasa itagawanywa kwa tatu.

Dalili: jibu la jaribio ni wazi, lakini hakuna anayejua la kufanya nalo

Hili hutokea pande zote mbili. Maabara yenye jozi nne tu inapata t isiyovuka kikomo na kutangaza kwamba njia zinalingana. Kwa s_d yetu ya 0.0355, jozi nne hazivuki kikomo mpaka wastani wa d ufike 3.182 × 0.0355 / 2, yaani 0.056. Pengo la 0.05 lingepita bila kuonekana, si kwa sababu halipo. Andika namba hiyo kwenye ripoti, ili msomaji ajue jaribio lilikuwa na uwezo wa kuona nini.

Kwa sampuli zetu nane, t ya 6.4 inasema pengo lipo, lakini uamuzi unatokana na ukubwa wake. Mipaka ya uhakika ya asilimia 95 ni 0.08 kujumlisha au kutoa 2.365 × 0.0355 / √8, yaani kutoka 0.05 hadi 0.11 mg/L. Kama maabara ilikuwa imeandika kabla ya kazi kwamba itakubali tofauti ya hadi 0.1, basi data hizi hazijathibitisha kwamba tofauti iko ndani ya kiwango hicho, kwa kuwa mpaka wa juu umekipita. Kwa kisima chenye 6 mg/L, 0.08 haibadilishi ushauri wowote. Kwa sampuli namba 5 inabadilisha kila kitu: elektrodi imesoma 1.52 na SPADNS 1.47, moja juu ya 1.5 na nyingine chini yake.

Wala jaribio halisemi ni nani kati ya hizo mbili aliye sahihi. Hilo linahitaji shahidi wa tatu, ama sampuli rejea iliyothibitishwa, ama kuongeza kiasi kinachojulikana cha floraidi kwenye sampuli namba 5 yenyewe, tuseme 0.50 mg/L, na kuona kila njia inarudisha kiasi gani. Kipimo hicho cha kurudisha hunasa kosa la uwiano, kama la alumini au la mteremko, lakini hakinasi pengo lisilobadilika kama la maji ya kulinganishia yaliyochafuka, kwa sababu pengo hilo limo katika kusoma kabla na baada ya kuongeza na hufutika katika kutoa. Pengo letu la 0.08 halikuonyesha dalili ya wazi ya kukua na mkusanyiko, kwa hiyo mahali pa kuanzia ni maji ya kulinganishia ya SPADNS, na ujazo wa kitendanishi uliotiwa ndani yake.